Bei ya duka dogo Moshi: anza na mfuko mmoja wa sukari

"Wakuu, nafungua duka la vyakula hapa Moshi mwezi ujao. Niweke bei gani kwenye bidhaa ili nipate faida na wateja wasinikimbie? Naombeni ushauri."

Mkuu, hujataja unanunua kwa bei gani, fremu unalipa kiasi gani, wala jirani zako wanauzaje. Bila hayo, atakayekutajia bei anabahatisha. Mimi nina duka Pasua, kwa hiyo nitakuonyesha ninavyoipata bei yangu. Tarakimu zote hapa chini ni za mfano, weka zako.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Tuseme umeununua Mbuyuni kwa 130,000. Wengi hugawa kwa 50, wanapata 2,600, wanauza 2,800 wakiamini wana faida ya shilingi 200 kila kilo. Hapo ndipo mtaji unapovuja. Guta lililoleta mzigo limekula 2,000 kwa upande wa sukari, vifungashio 1,000. Halafu pima mwenyewe uone: sukari ikimwagika kidogo, na kila kilo ukimzidishia mteja kijiko kwenye mzani, mfuko utakutolea kilo 49. Kwa hiyo ni 133,000 gawa kwa 49, yaani kama 2,715 kwa kilo. Faida yako ni shilingi 85, siyo 200. Ukipima robo na kuuza 750, kilo inakuletea 3,000 na faida inafika 285. Wateja wetu wengi mtaani hununua robo na nusu, kwa hiyo bei ya robo ipange kwa uangalifu kuliko hata ya kilo.

Usidhani kwamba kwa kuwa kiwanda cha TPC kiko hapo Arusha Chini basi sukari itakuwa rahisi kwako. Wewe unafuata bei ya muuzaji wa jumla, na hiyo hupanda bila kukuaga. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, ikabidi Bodi ya Sukari itangaze bei elekezi. Kipindi kama hicho usipange bei kwa risiti ya mfuko ulio dukani, piga simu uulize mfuko unaofuata ni kiasi gani. Usipofanya hivyo, utamaliza kuuza na hela uliyoshika haitanunua mfuko mwingine. Bei elekezi ikishatangazwa, usiivuke.

Sasa fremu. Kodi haiongezwi kwenye bei ya kila kitu, bali inakuambia duka zima liingize faida kiasi gani kwa siku. Tuseme fremu 100,000 kwa mwezi, umeme 20,000, ulinzi 10,000, leseni na kodi ya serikali ukizigawa kwa mwezi 20,000, na mshahara wako mwenyewe 240,000. Tafadhali usiuache mshahara wako nje ya hesabu, maana utakula dukani hata usipouandika. Jumla 390,000. Ukifungua siku 26, unahitaji faida ya 15,000 kila siku. Kama katika kila 1,000 unayouza inabaki 100, lazima uuze 150,000 kwa siku. Ikibaki 150, mauzo ya 100,000 yanatosha. Sasa jiulize kama mtaa wako una wateja wa kiasi hicho. Na usipime kwa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani Kilimanjaro. Pima kwa Februari, ada za shule zikiwa zimeshalipwa na mifuko imekauka.

Bei za majirani tafuta kwa kununua. Mtume mtu akanunue robo ya sukari, kipimo cha mafuta, kilo ya unga na kilo ya mchele katika maduka matatu yaliyo karibu, kisha mzigo huo uupime nyumbani, maana mwenye bei ndogo wakati mwingine ana kipimo kidogo. Hizo bidhaa nne kila mama anazijua bei kwa kichwa, na ndizo zitakazomfanya aseme wewe ni ghali. Hapo uza sawa na wenzako, hata faida ikiwa nyembamba. Yule anayeuza chini ya gharama yako halisi usimfuate, huenda anachukua mzigo mkubwa kwa bei ambayo wewe huipati. Faida itafute kwenye chumvi, viberiti, viungo, biskuti na sabuni za vipande, vitu ambavyo mtu hatembei mtaa mzima kulinganisha bei ya shilingi 50.

Ukifungua, andika mauzo ya kila siku, na kila Jumapili hesabu fedha na mzigo uliobaki. Thamani ya vyote viwili, kwa bei ya kununulia, ikishuka wiki tatu mfululizo wakati wateja wapo, kagua kwanza mzani na daftari la madeni kabla hujapandisha bei. Ukishapata bei za jumla na kodi ya fremu yako, ziweke hapa tuzipige pamoja.