Maswali ya Kumuuliza Mwajiri wa Ng'ambo Kabla ya Kutia Sahihi

Juma lililopita dada mmoja anayeishi Eldoret alinitumia rasimu ya mkataba kutoka kampuni ya Marekani inayotaka kumpa kazi ya kuhudumia wateja kwa njia ya mtandao, akiwa mkandarasi huru na si mwajiriwa. Malipo ni dola 1,800 kwa mwezi. Aliniuliza kama akiuliza habari za pesa kabla ya kutia sahihi ataonekana mroho na kuipoteza nafasi yenyewe. Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba asitie sahihi bado, na ninaandika hapa kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mnaipigania nafasi ya namna hiyo.

Rasimu yake ilieleza kazi kwa kurasa nyingi, lakini habari za malipo zilikuwa sentensi tatu tu: kwamba atalipwa kwa uhamisho wa benki, kwamba ankara italipwa kwa masharti ya Net 45, yaani ndani ya siku 45, na kwamba kodi zote ni juu yake. Kila moja ya sentensi hizo inaficha swali linalogharimu pesa.

Nianze na uhamisho wa benki, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumizwa. Kampuni ya kwanza ya ng'ambo niliyoifanyia kazi iliniahidi kiasi kamili, lakini kila mwezi fedha zilifika zikiwa pungufu, na nilipolalamika mhasibu wao alinijibu kwamba wao wametuma zote na kwamba nikaiulize benki yangu. Alikuwa akisema kweli, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Fedha zinazotumwa kwa SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kuhamisha fedha kimataifa, kutoka Marekani kuja Kenya mara nyingi hupitia benki moja au mbili za katikati, na kila moja inaweza kukata ada yake njiani. Anayetuma ndiye anayechagua nani abebe ada hizo: akichagua OUR anazibeba yeye, akichagua SHA mnagawana, na akichagua BEN zote zinakuangukia wewe. Basi swali si "mtanilipa kwa njia gani?" peke yake, bali pia "ada za kutuma ni za nani, na je, mkataba unaweza kusema kwamba kiasi kilichotajwa ndicho kitakachofika katika akaunti yangu?" Kampuni iliyo tayari kutumia huduma kama Wise au Payoneer nayo iulizwe vivyo hivyo, maana huko pia kuna ada na lazima ziwe na mwenyewe.

Kisha sarafu. Dada huyu alifurahi kuona dola, nami ningefurahi, ila dola inapoingia Kenya hugeuzwa shilingi kwa kiwango cha benki yako wala si kile kinachotangazwa na Benki Kuu. Chukulia kwamba Benki Kuu inasema 129 na benki yako inanunua dola kwa 126: kwa dola 1,800 umepoteza shilingi 5,400 kabla hujanunua hata unga. Ndiyo maana nilimshauri afungue akaunti ya dola na aombe alipwe humo, ageuze kiasi anachohitaji tu. Zaidi ya hayo, awaulize kama malipo yamefungwa kwa dola au wanakusudia kumlipa shilingi kwa hesabu yao. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyefungiwa dola 1,000 kwa mwezi aliona mapato yake yakipungua kwa takriban shilingi 30,000 bila mtu yeyote kugusa mkataba. Mwenye kodi ya nyumba na karo za kulipa kwa shilingi apaswa kulijua hilo kabla, hasa kama mkataba ni wa mwaka mzima na hauna nafasi ya kuangalia upya malipo.

Kuhusu ankara, muulize mwajiri siku 45 zinaanza kuhesabiwa lini. Zipo kampuni zinazohesabu tangu tarehe iliyoandikwa kwenye ankara, na zipo zinazohesabu tangu meneja alipoiidhinisha, na tofauti hiyo ni kubwa. Tuseme dada huyu anaanza kazi tarehe 1 Machi na kutuma ankara tarehe 31; meneja akiikalia wiki nzima, siku 45 zinamfikisha baada ya tarehe 20 Mei. Hiyo ni kazi ya karibu miezi mitatu kabla ya kuiona senti ya kwanza. Aombe kutuma ankara kila baada ya wiki mbili, au Net 15 kwa ile ya kwanza. Aulize pia ni nani hasa anayeidhinisha, na kama ankara yapaswa kuwa na namba ya agizo la ununuzi, kwa kuwa ankara isiyo nayo hurudishwa na hesabu ya siku huanza upya. Kwa upande wetu, KRA inataka ankara zipitie eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo ajue mapema kama kampuni itaipokea ankara hiyo ilivyo au itamtaka ajaze nyingine katika mfumo wao. Zikiwa mbili, tarehe na kiasi vilingane.

Sasa kodi, mahali ambapo woga hutufanya tutie sahihi karatasi tusizozielewa. Kampuni ya Marekani itakupa fomu, na mtu binafsi asiye Mmarekani hujaza W-8BEN. Ukipewa W-9 ikatae kwa adabu, kwa sababu hiyo ni ya raia na wakazi wa Marekani. Kwenye W-8BEN utaandika PIN yako ya KRA kama namba ya mlipakodi ya nchi yako, na sehemu inayohusu mkataba wa kodi kati ya nchi mbili utaiacha wazi, maana Kenya haina mkataba huo na Marekani. Fomu inabaki kwa kampuni. Swali la kuwauliza ni hili: "Je, mnakusudia kukata asilimia 30?" Sheria ya Marekani hutazama mahali kazi inapofanyika, na kazi inayofanyiwa Eldoret si mapato yenye chanzo cha Marekani, hivyo haipaswi kukatwa kodi hiyo. Mhasibu asiyejua anaweza kukata dola 540 kila mwezi, na kuzidai kunakulazimu kuwasilisha fomu ya 1040-NR kwa mamlaka ya kodi ya huko. Pata jibu lao kwa maandishi.

Jibu hilo halikuondolei kodi ya Kenya. Dola 1,800 kwa kiwango cha 129 ni shilingi 232,200, na kwa viwango vya kodi vya mwaka 2024, mtu asiye na gharama za biashara za kuondoa angedaiwa karibu shilingi 62,000 kwa mwezi baada ya nafuu ya kibinafsi. Hakuna mwajiri atakayekukatia. Wewe mwenyewe hulipa kwa awamu, kufikia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kisha unawasilisha ritani kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata. Nawasihi msiilinganishe dola 1,800 ya mkandarasi na mshahara wa ofisini ambao tayari umekatwa kila kitu. Ukiona baada ya hesabu hiyo kwamba kinachobaki hakitoshi, wakati wa kuomba nyongeza ni sasa, wakiwa bado wanakungoja.

Dada aliwaandikia barua pepe moja fupi yenye maswali yote. Walikubali OUR na malipo ya dola, wakathibitisha kwamba hawatakata asilimia 30, na Net 45 wakaipunguza hadi Net 30 kuanzia tarehe ya ankara. Kutuma ankara kila wiki mbili walikataa. Nimemwambia awaombe wayaandike hayo ndani ya mkataba wenyewe, kwa sababu vifungu vya mwisho vya rasimu yake vinasema kwamba makubaliano yoyote yaliyofanywa nje ya waraka huo hayahesabiki.