Usisaini hiyo fomu ya ajenti kabla hujasoma hapa

*"Wakubwa, dada wa kazi anaanza Jumatatu hapa South B, atalala kwetu. Ajenti ametupa fomu ya ukurasa mmoja na kusema mengine tuelewane tu kwa mdomo. Mkataba wa maana uandikweje upande wa saa, mshahara, likizo na kuachishwa kazi? Miezi ya majaribio iwe mingapi? Na mtoto akiamka usiku, hiyo ni ovataimu?"*

Chana hiyo fomu. Naijua, na ningeweza kukukariria kutoka juu hadi chini: "Mshahara ni huu na kila kitu kimo ndani. Likizo ni wiki mbili Desemba. Mwajiri anaweza kusitisha kazi wakati wowote bila notisi." Mimi niliisaini nikamlipa na ajenti, tena nikamshukuru. Aliniambia bila kupepesa jicho kwamba sheria ya kazi ni ya makampuni, nyumba ya mtu haiingii. Uongo mtupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhesabu dada wa kazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na haki zilizomo ni kiwango cha chini. Mkataba unaweza kumpa zaidi ya hapo. Ukimpa pungufu, kipengele hicho ni wino tu, hata kama kina sahihi zenu wawili na muhuri wa ajenti wenye tai.

Dada wangu wa kazi alikaa nami miaka miwili, mshahara Sh18,000, analala ndani. Jioni moja nikarudi nikamkuta mtoto yuko getini na soja, dada ameenda dukani na huko dukani amepata hadithi. Damu ikanipanda. Sikumwuliza kitu. Nikaingia chumbani nikamtumia ujumbe: "Kesho asubuhi nisikukute." Ndiyo, mtu aliyekuwa jikoni kwangu, hatua chache kutoka nilipokaa, nilimfuta kazi kwa simu. Cheka tu, nimezoea.

Wiki chache baadaye nikaitwa ofisi ya leba. Nikaenda nimenyoosha shingo, kwa sababu kosa lilikuwepo na fomu ninayo. Afisa akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akaniuliza: "Mama, rekodi ya likizo yake iko wapi?"

Hapo ndipo nilipotaka ufike, msomaji wa South B. Huyo dada likizo alienda. Desemba alienda, Pasaka alienda, Agosti shule zikifungwa alienda, na mshahara ulikuwa unaingia kama kawaida. Ukijumlisha, karibu siku zote alizostahili alizipata. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja inayosema hivyo. M-Pesa ilionyesha nimetuma pesa, haikuonyesha alikuwa wapi. Na sheria inasema kwamba kesi ikifika mezani na mwajiri hana mkataba ulioandikwa vizuri, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha kile mfanyakazi anachodai kuhusu masharti ya kazi. Kumbukumbu zenyewe ni kazi ya mwajiri kuzitunza. Nilikuwa na picha tele za yeye akiwa shambani kwao Krismasi, amekumbatia mbuzi, ila mbuzi hasaini.

Basi hesabu ikapigwa mbele yangu. Sh18,000 ukigawanya kwa siku 26 za kazi unapata kama Sh692 kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo kamili, kwa hiyo miaka miwili ni siku 42: Sh29,077. Notisi sikutoa, nayo ni mshahara wa mwezi: Sh18,000. NSSF sikuwahi kumlipia, kwa hiyo akadai malipo ya utumishi. Kipimo kinachotumika sana ni siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, ikawa Sh20,769. Hapo bado hatujagusa kule kumfukuza kwenyewe, ambako mahakama inaweza kutoa fidia ya hadi mishahara 12. Kwangu mimi hiyo ni Sh216,000.

Halafu Jumapili. Kila mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko ndani ya siku saba, na akifanya kazi siku hiyo hulipwa mara mbili. Mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 225 unatoa malipo ya saa, kwangu Sh80, kwa hiyo Jumapili ya saa nane ni Sh1,280. Zidisha kwa Jumapili za miaka miwili, unapita Sh130,000. Hiyo ingenimaliza. Kilichoniokoa ni ungwana wake. Alisema, "Mama Tish, mimi siwezi kudanganya, Jumapili nilikuwa naenda kanisani na narudi jioni." Mtu niliyemfukuza kwa SMS ndiye aliyenitetea. Tukaelewana hapo kwa notisi, likizo, utumishi na mishahara miwili ya fidia. Jumla Sh103,846. Ajenti nilipompigia aliniambia yeye kazi yake ni "kuunganisha" tu, kisha akaniuliza kama nahitaji dada mwingine.

Kwa hiyo sikiza: kila kinachopita kati yenu kiandikwe na kisainiwe na wote wawili, siku ileile. Mkataba ni mwanzo tu. Mali yako halisi ni daftari. Nunua la kurasa 96, moja tu, liwe la nyumba, na yeye apige picha kila ukurasa abaki nayo kwenye simu yake, kwa sababu daftari hilo linamlinda yeye pia siku utakaposahau kumlipa.

Ukurasa wa likizo uandikwe namna hii: "Mimi fulani nimepewa likizo ya mwaka kuanzia tarehe 20 Desemba hadi 2 Januari, kwa malipo kamili. Siku za kazi zilizohesabiwa ni 9. Zimebaki 12." Halafu sahihi mbili na tarehe. Umeona hiyo 9? Hizo ni wiki mbili za kalenda, lakini unaondoa Jumapili mbili na sikukuu tatu, za tarehe 25, 26 na mosi, kwa sababu likizo inahesabiwa kwa siku za kazi. Ndiyo maana "wiki mbili Desemba" ya ajenti haifikii hata nusu ya 21. Ukurasa wa Jumapili ni rahisi zaidi: tarehe, "nilienda ofu" au "nilifanya kazi, nimelipwa kiasi hiki", sahihi. Akiugua pia andika, maana ruhusa ya ugonjwa ni hesabu nyingine. Akishapita miezi miwili kazini ana siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka, na huwezi kuzikata kwenye zile 21.

Kuachishwa kazi, andika hivi kwenye mkataba, kwa Kiswahili anachokielewa: "Yeyote kati yetu akitaka kumaliza kazi atampa mwenzake notisi ya maandishi ya siku 28, au atalipa mshahara wa siku hizo. Kukiwa na kosa, mwajiri ataeleza kosa hilo kwanza, na mfanyakazi atajibu akiwa na mtu aliyemchagua, kabla uamuzi haujatolewa." Hicho cha pili ndicho kilichonikata mguu. Sababu nilikuwa nayo, na pengine ingetosha. Lakini sheria inataka umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na awe na mwenzake wa kazi au mtu wa chama chake. Hata kosa kubwa la kufukuzwa papo hapo haliondoi hatua hiyo. Nyumbani hakuna mfanyakazi mwenzake, kwa hiyo mwache amlete anayemtaka, ndugu yake, au mtu wa chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kama ni mwanachama. Keti naye sebuleni, andika alichosema, msaini. Kama umekasirika, lala kwanza. Ujumbe wangu ule wa usiku ndio aliouweka mezani, ukiwa na saa na dakika.

Mshahara nitapita haraka. Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa jijini kiliwekwa kuwa Sh16,113.75, na hiyo ni kabla ya nyumba. Akiwa analala kwenu, nyumba umempa. Akiwa anatoka kwake, ongeza asilimia 15. Kabla ya kuandika, angalia kama amri mpya imetoka. Usikubali "kila kitu kimo ndani". Tenganisha mshahara, na useme wazi kwamba malazi na chakula anapata bila kukatwa. Makato yaandikwe kwa majina: NSSF asilimia 6 kwake na 6 kwako, SHIF asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako, yote yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukiwa unalipa NSSF, lile deni la utumishi la Sh20,769 halikuhusu. Sahani ikivunjika kwa bahati mbaya, ni sahani yako. Na ada ya ajenti usimkate dada, hata ajenti akikuambia wenzako wote hufanya hivyo. Aliniambia na mimi.

Saa: kiwango ni saa 52 kwa siku sita, zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Andika anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi, na mapumziko ya mchana yako wapi. "Hadi kazi iishe" usiiandike, kwa sababu nyumba yenye mtoto haina kazi inayoisha.

Mkataba usainiwe nakala mbili, moja yake. Akiwa hasomi vizuri, msomee mbele ya mtu wake kisha aweke dole gumba, na huyo shahidi aandike jina. Kisha ubaki nao miaka mitano baada ya yeye kuondoka, usitupe na magazeti.

Ukishauandika, bandika hapa kabla ya Jumatatu, ukiondoa majina. Anza na kipengele cha likizo, nataka kuona umeandika siku ngapi.