Ukurasa wa Jioni ya Mwisho

Jioni hii nimewatazama wapwa zangu wawili wakiinamia madaftari yao kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga hapa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na kabla chai haijapoa kila mmoja alikuwa ameshafunga lake. Mkubwa ameandika kwamba safari ilikuwa nzuri na mandhari yalivutia; mdogo ameandika kwamba hatasahau kamwe. Atasahau. Siku nane tulizozingojea kwa miaka mitatu ya upatu zimetoshea katika mistari minne, kwa hiyo nawaandikia wao, pamoja na yeyote anayeanza kuandika shajara ya safari, yale ambayo mimi nilijifunza kwa hasara.

1. Andikeni kabla ya kufunga mabegi, mkiwa mmezitandaza mezani tiketi za boti na stakabadhi zote, kwa sababu kila karatasi itawakumbusha aliyewakabidhi.

2. Andikeni maneno ya watu kama walivyoyatamka. Hapa itanibidi nikiri.

Mwaka 2014 nilimleta mama yangu hapa hapa kutoka Tabora. Alikuwa hajawahi kuona bahari, na safari ile tulikuwa tumeiahirisha mara mbili kwa ajili ya ada za wadogo zangu. Siku ya mwisho mzee mmoja alitupakia kwenye ngalawa yake, na kabla hatujasukumwa majini mama aliona vilima vya mawe mchangani, akauliza kama ni makaburi. Nahodha akamweleza kwamba chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi, ambayo hukaa humo miezi kadhaa, maji yakiingia na kutoka, mpaka nyama yake ioze, kisha wanawake huyafukua na kuyaponda ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Mama alifikiri kidogo, halafu akasema sentensi moja. Nahodha alicheka hadi kamba ya tanga ikamponyoka, tanga likawa linapigapiga huku ngalawa ikiyumba, na tuliporudi ufukweni nilimsikia akimsimulia mwenzake maneno yale yale.

Nilijiambia kwamba nitayaandika usiku. Usiku ulipofika nilipiga hesabu. Ukurasa ule ninao hadi leo: nauli ya daladala, chumba, madafu sita, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye usingizi, «Mama amefurahi sana.» Mama alifariki mwaka 2019. Siku ya arobaini ndugu waliniomba niwasomee habari za safari ile, nami nikafungua daftari mbele ya watu wasiopungua thelathini na kuwasomea bei ya madafu. Dada zangu wamejaribu kunisaidia kwa kubuni kile ambacho mama angeweza kusema, na kila mmoja ana toleo lake. Nami nimejaribu mara nyingi, nusu Kiswahili nusu Kinyamwezi, lakini sijapata sentensi inayoweza kumfanya nahodha aachie kamba.

3. Msiiamini saa pekee. Mdogo ameandika kwamba «kila asubuhi wanawake huenda shambani kwao la mwani», jambo ambalo si kweli, na angeligundua kama angeandika hali ya maji. Tulifika mwezi ukiwa mpevu, wakati wa bamvu, na saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekupwa mbali hata vigingi vya mwani vilisimama wazi, wanawake wakitembea katikati yake na vipolo vyao. Lakini maji huchelewa takriban dakika hamsini kila siku, hivyo kufikia leo, mwezi ukiwa nusu, saa ile ile yalikuwa yamejaa, na hata yalipokupwa alasiri hayakwenda mbali, kwa kuwa haya ni maji mafu. Wanawake wale leo hatukuwaona kabisa. Anayeandika «bamvu, maji yametoka» atajua miaka kumi baadaye kwa nini picha ya asubuhi moja haina bahari.

4. Yaliyo makubwa yaacheni. Kuchomoza kwa jua kumeshapigwa picha za kutosha, tena zilizo nzuri kuliko zenu.

Nimewafungulisha madaftari tena. Mkubwa, kwa manung'uniko, ameandika kwamba muuza duka alikosa chenji akampa ndimu mbili, na kwamba moja bado imo mfukoni mwa koti lake la mvua. Mdogo ameniuliza, kwa adabu inayotia shaka, kama inaruhusiwa kuandika kwamba siku ya pili mjomba aliteleza na kukaa chini kwenye mwani mbele ya wanawake watano. Nimemjibu kwamba inaruhusiwa, ila aandike na walichosema.

«Walisema, ‘Pole, baba, huo tulishauvuna,’» amejibu bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshaandika.