Hisa imepanda, lakini je, imelishinda soko? Namna ya kuchora na kusoma mstari wa uwiano na TSI

Hapa Tabora wengi huingiza fedha kwenye hisa kwa mkupuo mmoja, baada ya malipo ya tumbaku au asali, na swali linalofuata huwa lile lile: ninunue ipi? Jibu la haraka ni kutazama ipi imepanda. Lakini hisa inaweza kupanda kwa sababu soko zima limepanda, kama abiria aliyeketi ndani ya behewa la kwenda Kigoma: anasogea kilomita nyingi bila kupiga hatua hata moja. Unachotaka kujua ni nani anatembea kuelekea kichwa cha treni na nani anarudi nyuma. Mstari wa uwiano huonyesha hilo tu: bei ya hisa igawanywe kwa fahirisi ya soko, yaani namba inayoonyesha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja, wiki baada ya wiki.

Kabla ya kugawanya, chagua fahirisi inayofaa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina DSEI, inayojumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB na EABL, na lina TSI, ambayo ni ya kampuni za ndani peke yake. Kwa anayelinganisha benki au kiwanda cha hapa nchini, TSI ndiyo sahihi. Bei za kampuni za Kenya huamuliwa zaidi Nairobi, kisha hubadilishwa kuwa shilingi yetu. Ukitumia DSEI, mabadiliko ya Nairobi au ya thamani ya fedha yanaweza kuipindisha DSEI, nawe ukadhani hisa yako ndiyo iliyodhoofika.

Kazi yenyewe inatosha kufanyika mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni baada ya soko kufungwa. Kwenye lahajedwali ya simu weka tarehe safu A, bei ya kufunga safu B, TSI safu C, na idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo safu D. Data ianze mstari wa 3. Kwenye E3 andika hivi, kisha uburute kwenda chini:

```
=(B3/B$3)/(C3/C$3)*100
```

Fomula hii huanzisha kila hisa kwenye 100, kwa hiyo hisa ya shilingi 600 na ya shilingi 5,000 zinalinganishika kwenye mchoro mmoja. Kwenye F12 weka wastani wa wiki kumi, nao uburute chini:

```
=AVERAGE(E3:E12)
```

Tuchukue namba za kujifunzia. Hisa ya kwanza imetoka 600 hadi 660, yaani imepanda asilimia 10, na mwenye nayo anafurahi. Katika muda huo huo TSI imetoka 4,000 hadi 4,600, asilimia 15. Gawanya 1.10 kwa 1.15, zidisha kwa 100, unapata 95.7. Hisa imepanda, lakini imeachwa na soko kwa zaidi ya asilimia 4. Kisha soko linageuka: TSI inashuka kutoka 4,600 hadi 4,140, asilimia 10. Hisa ya pili inashuka kutoka 2,500 hadi 2,375, asilimia 5. Gawanya 0.95 kwa 0.90, unapata 105.6. Hii ya pili ndiyo inayoongoza, ingawa imepoteza fedha. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mstari unaopanda hausemi kwamba umepata faida, unasema umelishinda soko. Ndiyo maana mchoro wa bei yenyewe lazima ukae juu ya mchoro wa uwiano, na uamuzi wa kununua usubiri vyote viwili vielekee juu.

Unaposoma mstari, usishughulike na kimo chake. 130 si bora kuliko 110, kwa sababu 100 ni wiki uliyoanzia wewe tu. Ukianza mwezi mwingine namba zote hubadilika. Kinachosema kitu ni mwelekeo: je, mstari uko juu ya wastani wake wa wiki kumi, na wastani wenyewe unapanda? Ishara ninayoithamini kuliko zote ni pale bei inapofika kilele kipya lakini uwiano haufiki. Hapo fedha za soko zimeanza kuelekea kwingine wakati mwenye hisa bado anasherehekea bei. Na usichanganye mstari huu na kipimo cha RSI kinachotokea kwenye programu nyingi za simu. RSI hulinganisha hisa na mwenendo wake yenyewe, soko halimo kabisa.

Sasa tatizo kubwa la soko letu: hisa nyingi haziuzwi kila siku, na nyingine hupita wiki nzima bila mnunuzi. Hisa isiyouzwa hubaki na bei ya zamani. TSI ikishuka wiki tatu mfululizo, mstari wa hisa hiyo utapanda ngazi kwa ngazi na kuonekana kiongozi, kumbe hakuna aliyeinunua hata mmoja. TSI ikipanda, itaonekana imedorora bila kosa lolote. Utaitambua kwa safu B: namba ile ile inajirudia, na safu D ni sifuri au hisa chache mno. Kanuni ninayopendekeza ni hii: hisa ambayo haikufikisha wiki tatu zenye mauzo kati ya nne za mwisho isipangwe kabisa kwenye orodha ya viongozi na wanaobaki nyuma. Hata kama kweli inaongoza, utaipataje, na siku ya kuuza utamuuzia nani?

Gawio nalo huvuruga. Hisa ya shilingi 1,000 ikitoa gawio la shilingi 60, bei yake inaweza kushuka hadi 940 pindi haki ya gawio inapokwisha, na mstari utashuka asilimia 6 wakati mwenye hisa hajapoteza kitu; shilingi 60 atalipwa, ikikatwa kodi. Baadhi husahihisha kwa kuzidisha bei zote za nyuma kwa 0.94. Mimi sishauri hivyo kwa mlinganisho huu, kwa sababu TSI ni fahirisi ya bei na yenyewe haijarudishiwa magawio ya kampuni zake, hivyo hisa yako itapendelewa. Weka alama kwenye tarehe hiyo, na usitoe hukumu kwa mshuko wa wiki ile peke yake. Hisa zikigawanywa ni tofauti: moja ikiwa kumi, bei zote za zamani lazima zigawanywe kwa kumi, la sivyo mchoro wote ni batili.

Kwa kampuni kubwa sana, kumbuka kwamba nayo imo ndani ya fahirisi. Yenye uzito wa asilimia 30 ikipanda asilimia 10 peke yake, TSI hupanda asilimia 3, na uwiano utaonyesha 106.8 badala ya 110. Nguvu yake, na udhaifu wake pia, huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Kwa kuuza, wiki moja chini ya wastani haitoshi kwenye soko lenye miamala michache. Oda moja kubwa inaweza kuusukuma mstari. Subiri Ijumaa tatu mfululizo chini ya wastani, zote zikiwa na mauzo halisi safu D, ndipo umpigie dalali wako.