Sentensi zinazoning'inia kwenye insha, na jinsi nilivyowafundisha wanafunzi wangu kuzikamata

Juzi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili, nikafika kwenye daftari la binti mmoja anayekaa dawati la nyuma, kurasa mbili nzima sikukuta sentensi hata moja inayoning'inia. Binti huyohuyo mwaka jana nilimwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu "sentensi haijakamilika" mpaka wino ukanichosha. Na mwaka jana huohuo mwalimu mwenzangu alisema kwenye kikao, mbele ya watu wote, kwamba wanafunzi wangu wanaandika kama watu waliokatiwa simu. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikuwa nafundisha kwa moyo wangu wote.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nawaambia wamekosea ila siwaonyeshi kosa liko wapi. Angalia aya yake ya zamani, ameniruhusu niitumie:

"Siku ambayo mvua kubwa ilinyesha kijijini kwetu. Bibi yangu ambaye alikuwa anaishi karibu na mto. Tulipoamka asubuhi na kukuta maji yamejaa mpaka mlangoni."

Nukta tatu, sentensi hakuna. Ukimsikiliza mtoto anavyosimulia utaelewa, anapumua, pumzi ikikata anaweka nukta. Kwenye kusimulia msikilizaji anamwambia "ehee?" naye anaendelea, kwenye daftari hakuna wa kumwambia ehee. Basi nikaanza na hapo hapo, nikawa nasoma sentensi mojamoja kwa sauti halafu nanyamaza. "Bibi yangu ambaye alikuwa anaishi karibu na mto." Darasa zima: "Eheee?" Hiyo inaning'inia. "Bibi yangu alikuwa anaishi karibu na mto." Kimya, imetulia.

Sikio linasaidia ila sentensi ikiwa ndefu linadanganyika, ndo maana nikaongeza kazi ya penseli. Pigia mstari vitenzi vyote, kisha kata kila kilichofungwa: kilicho ndani ya kishazi cha amba-, chenye -po- ya wakati kama tulipoamka, chenye -o- rejeshi kama waliokuja, na cha ku- kilichounganishwa na hicho kilichofungwa. Kikibaki kitenzi huru hata kimoja, sentensi imesimama. Visipobaki, hicho ni kishazi tegemezi peke yake. Tahadhari tu, yupo na nipo wasivikate, hiyo -po ni ya mahali.

Sasa sentensi ya tatu ilinitoa jasho. Tulipoamka tukakata, kukuta tukakata, binti akanyoosha mkono, "Mwalimu, yamejaa imebaki!" Na kweli ina -me- yake haijafungwa na kitu. Siku ile sikuwa na jibu, nikaenda kulala na swali lake. Kesho yake nikawauliza, nani anasimulia hapa? Sisi. Sisi tulifanya nini? Wakatafuta wakakosa. Yamejaa ni habari ya maji, ni kile tulichokikuta, kimemezwa na kukuta. Tangu hapo kitenzi kikibaki lazima wamuulize mtenda wa sentensi, wewe umefanya nini?

Kurekebisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua kile kilichofungwa: "Tuliamka asubuhi na kukuta maji yamejaa mpaka mlangoni." Ya pili ni kukiacha kishazi kama kilivyo na kukipa kishazi huru: "Tulipoamka asubuhi na kukuta maji yamejaa mpaka mlangoni, tulimbeba bibi mgongoni." Mimi naanza na ya kwanza kwa sababu ya pili ina mitego. Wengi wanadhani kukamilisha ni kurefusha, wanaandika "Bibi yangu ambaye alikuwa anaishi karibu na mto na ambaye alikuwa mzee na ambaye alitupenda sana." Amba- tatu na bibi bado hajafanya kitu! Au wanaandika "Bibi yangu ambaye alikuwa anaishi karibu na mto, maji yakaingia ndani." Hapo maji yamepata kitenzi, bibi ameachwa njiani. Aliyeanza ni bibi, kwa hiyo kitenzi huru kianze na a- yake: "Bibi yangu ambaye alikuwa anaishi karibu na mto alikataa kuhama."

Walimu wenzangu, acheni kuandika "haijakamilika" pembeni halafu mnageuza ukurasa. Chukueni sentensi tatu tu kutoka kwenye madaftari ya watoto wenyewe, sio za kwenye kitabu, ziandikeni ubaoni bila kutaja jina la mtu, wakate vitenzi wenyewe. Mimi nafanya hivyo dakika kumi za mwanzo kila Jumatatu, na msikate tamaa wiki za kwanza maana watakata mpaka visivyokatwa.

Insha ya juzi binti aliianza hivi: "Bibi alipokataa kuhama, baba alikaa naye mlangoni usiku kucha." Nikaona kistari kidogo cha penseli kimekata neno alipokataa. Neno alikaa hakuligusa.