Usiuze Laptopu Yako kwa Sababu ya 4K

Wiki hii kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba anataka kuuza laptopu yake ya RAM GB 8. Video ya harusi aliyoipiga kwa 4K, H.265, inakwamakwama ndani ya Premiere Pro, na hata alipopunguza Playback Resolution hadi 1/4 hakuona nafuu. Usiuze, mdogo wangu. Mimi harusi na sendofu nimezihariri kwenye mashine ya aina hiyohiyo. Yupo aliyenicheka kwamba ni ya kuchapia barua tu. Siku hizi ananiletea kazi.

Cheza kwanza klipu tupu, isiyo na rangi wala maandishi. Ikikwama hapo, tatizo ni kulifungua faili lenyewe. H.265 huhifadhi fremu chache zikiwa kamili. Nyingine zinabeba mabadiliko tu, kwa hiyo prosesa hulazimika kupitia fremu jirani ili ipate moja. Ukiweka 1/4, kazi hiyo ya kufungua inabaki karibu vilevile. Ndiyo maana hukuona nafuu.

Dawa yake ni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu unazohariri badala ya faili za asili. Chagua klipu zote kwenye Project, bofya kulia, Proxy, kisha Create Proxies. Chukua ProRes Proxy, ukubwa wa nusu, maana kila fremu yake inajitegemea. Andaa nafasi: kwa 1080p ya fremu 25, saa moja ya picha hula karibu GB 17. Iache mashine itengeneze usiku, wewe lala. Asubuhi ongeza kitufe cha Toggle Proxies chini ya monita. Kikiwa cha bluu, unatazama proksi. Ukizitengenezea kwenye programu nyingine, idadi ya chaneli za sauti ilingane na faili la asili, la sivyo Attach Proxies itazikataa.

Kama klipu tupu inateleza vizuri na mikwamo inaanza ukishaweka rangi, hapo sasa 1/2 au 1/4 inasaidia, kwani efekti zinapigiwa hesabu kwenye picha ndogo. Ila usipime fokasi ukiwa kwenye 1/4, utailaumu kamera bure.

Kinachobaki ni vipande vizito: bibi harusi anaingia, mwendo umepunguzwa, chembechembe zinasafishwa, majina yanaelea juu. Bonyeza I mwanzoni mwa kipande, O mwishoni, kisha Sequence, Render In to Out, mashine ikipigie hesabu kabisa kabla hujakicheza. Mstari mwekundu ulio juu ya kipande hicho kwenye timeline utageuka kijani. Ukigusa rangi tena unarudi mwekundu, kwa hiyo malizana na mteja kuhusu rangi kabla ya kurenda. Vijana hawanisikii hapa: wanarenda kila dakika, halafu wanalaani mashine.

Wakati wa kutoa video, chomeka diski yenye faili za asili na uhakikishe Use Proxies haina tiki.