Pesa imekatwa mtandao huu, mtandao wa pili haijafika: iko wapi?

*"Wakuu, jana Jumamosi jioni nimemtumia mama laki mbili na nusu kutoka mtandao wangu kwenda mtandao mwingine. Jina lake lilitokea, nikaweka namba ya siri, pesa ikakatwa. Yeye anasema hajaona kitu. Nimepiga huduma kwa wateja, naambiwa nisubiri saa 72. Pesa iko wapi muda wote huo? Nitume nyingine?"*

Mkuu, usitume nyingine kwanza. Mwambie mama aangalie salio kwenye menyu, asitegemee meseji. Nitaeleza kwa nini, maana nimekaa miaka minne kwenye dawati la kulinganisha miamala ya mtandao mmoja hapa Dar, na kesi kama yako ndiyo ilikuwa ugali wetu wa kila Jumatatu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba pesa yako haisafiri. Enzi zile ukituma mtandao mwingine, mpokeaji alikuwa anapata meseji yenye namba za siri, anakwenda nazo kwa wakala wa mtandao uliotuma. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuingiziana moja kwa moja kwenye akaunti za wateja, Vodacom akajiunga 2016. Njia waliyotumia ilikuwa ya makubaliano ya wawili wawili: kila kampuni inaweka floti yake, yaani pesa ya kutanguliza, kwa mwenzake mapema. Wewe ukituma 250,000, mtandao wako unakukata, halafu unamwambia jirani "mpe mama kiasi hiki kwenye floti yangu iliyoko kwako." Jirani anapunguza floti, anaongeza salio la mama. Shilingi zenyewe zimetulia benki kwenye akaunti ya dhamana. Baadaye kampuni mbili zinapiga hesabu: wateja wetu wametuma kwenu milioni 900, wenu wametuma kwetu milioni 700, basi zinahamishwa milioni 200 tu. Siku hizi kuna TIPS, mfumo wa malipo wa Benki Kuu, ambako kampuni zote zinakutana kwenye swichi moja badala ya kufungana kamba wawili wawili, ila kanuni ya kutanguliza fedha ipo palepale.

Sasa hapo kuna matatizo mawili tofauti kabisa, na wateja huyachanganya.

La kwanza ni floti kuisha. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mishahara imeingia mtandao mmoja, na wazazi, wenye nyumba na wauza duka wako mtandao mwingine. Pesa inamiminika upande mmoja tu. Floti inayotosha siku tatu za kawaida inakauka Jumamosi mchana. Kuijaza kunahitaji fedha zihame benki hadi benki, na kiasi kikubwa kama hicho kinapita TISS, mfumo wa Benki Kuu unaofuata saa na siku za kazi. Kwa hiyo mtu wa fedha anayesahau kuongeza Ijumaa kabla benki hazijafunga anawatesa watu hadi Jumatatu asubuhi. (Nimeshuhudia. Simu ya bosi Jumapili saa mbili asubuhi haina salamu.) Dalili zake ziko wazi: muamala unakataliwa palepale, hukatwi au unarudishiwa ndani ya sekunde chache, elfu kumi inapita lakini laki tano inakataa, na anayetuma kutoka upande wa pili kuja kwako hapati shida yoyote. Hapo pesa yako iko salama mfukoni mwako, ni barabara tu imefungwa.

La pili ndilo lako. Umekatwa, halafu kimya. Jina la mama kutokea linathibitisha kwamba kiungo kilikuwa hai wakati ule wa kuuliza jina. Kutuma ni ombi jingine kabisa, linakuja baada ya namba ya siri. Mtandao wako ulipeleka ombi ukasubiri jibu, sekunde zilizowekwa zikaisha jibu halijaja. Hapo mfumo haujui mambo mawili: je, ombi lilipotea kabla ya kufika, au lilifika, mama akawekewa, na jibu ndilo lililopotea njiani? Ukikurudishia na kumbe mama kashapata, kampuni imelipa mara mbili. Kwa hiyo 250,000 yako inawekwa kwenye akaunti ya kusubirishia, na mfumo unajaribu kuuliza tena "ule muamala namba fulani umeishia wapi?" Kiungo kikiwa bado kinayumba, swali nalo linapotea. Baada ya majaribio kadhaa unatupiwa watu wa dawati.

Dawati letu halikuwa na uchawi. Kila usiku kampuni zote mbili zilitoa faili la miamala ya siku, tukayapanga sambamba na kutafuta muamala uliokosa mwenzi. Ukikuta upo kwetu na kwao haupo, mteja anarudishiwa. Ukikuta kwao umefaulu, tunaufunga kuwa umefanikiwa. Wanaotuma karibu na saa sita usiku ndio walitutoa jasho: kwetu muamala umeandikwa 23:59:50, kwao 00:00:04, yaani uko kwenye faili la kesho yake, kwa hiyo leo unaonekana umepotea. Tukiharakisha kurudisha, keshokutwa tunagundua tumelipa mara mbili. Ndiyo asili ya hizo saa 72, japo yako huenda ikaisha kesho.

Kuna fundi seremala mmoja aliwahi kuja ofisini amefura. Alimtumia muuza mbao wa Mafinga 480,000 Jumamosi saa kumi na moja jioni. Kimya. Muuza mbao akasema hajaona meseji. Baada ya dakika ishirini akatuma tena, ikapita vizuri. Jumatatu tukafungua faili la wenzetu: ule wa kwanza nao ulikuwa umeingia, sekunde nne tu baada ya kutumwa. Jibu la kuja kwetu na meseji ya kwenda kwa mpokeaji vyote vilikuwa vimekwama kwenye foleni, lakini salio lilikuwa limeshaongezeka. Muuza mbao hakuwa mwizi, ni vile tu hakuwa ameangalia salio.

Kwa hiyo wewe, mama akikuta salio halijaongezeka, rudi kwa mtandao wako uliotuma, usimsumbue wa mama. Ombi ni la mtandao wako na akaunti ya kusubirishia ni yake. Wale wa upande wa pili hata namba yako ya muamala hawana wajibu wa kuifuatilia kwa ajili yako. Taja namba ya kumbukumbu iliyo kwenye meseji, kiasi, na saa kamili. Omba namba ya malalamiko uiandike. Kama hukupata meseji yoyote, chukua taarifa fupi ya miamala kwenye menyu, namba ipo pale. Pia hakikisha namba ya mama haijahamishwa mtandao. Tangu 2017 mtu anahama na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo haziaminiki tena.

Yule fundi tulimwambia hatuwezi kumrudishia: miamala yote miwili aliiidhinisha mwenyewe, na pesa ikishaingia kwa mwenzio haitoki bila yeye kukubali. Akampigia muuza mbao pale pale mbele yetu. Wakakubaliana alete mbao za kitanda kingine.